Naomba mnisomee barua pepe ya kwenda kwa wakala wa forodha kabla sijaituma (kontena la vipuri vya mashine ya korona, bandari ya Tanga)

Mhasibu_wa_Katani aliandika:

Habari za leo wanajukwaa. Mimi ni mhasibu katika shamba la mkonge upande wa Muheza, na tumeagiza kutoka India vipuri vya korona yetu, yaani mashine ya kuchakata mkonge: visu vya ngoma, beringi na mikanda. Mzigo uko katika kontena moja la futi 20 na utashushwa Tanga. Wakala tuliyempata ni mgeni kwetu, na nimeambiwa kwamba faili letu litapita mikononi mwa watu watatu, yaani anayepokea barua pepe ofisini, anayeandaa tamko la forodha kwenye mfumo, na kijana anayekwenda bandarini. Ninataka barua moja ambayo yeyote kati yao akiifungua ataelewa kinachotakiwa bila kunipigia simu. Hii hapa ni rasimu yangu. Namba zote nimeweka za mfano.

> Mada: Mzigo wetu
>
> Ndugu Wakala, salaam. Kama tulivyozungumza kwenye simu, mzigo wetu utafika tarehe 07/09 na tungependa uanze kushughulikiwa mapema. Nimeambatisha nyaraka zote isipokuwa cheti cha TBS ambacho kinakuja pamoja na hati ya shehena. Kontena ni CSQU3054383 na uzito ni 5,240. Tafadhali tuandalie tamko na makadirio ya kodi mpaka Jumatano saa 10 ili tuidhinishe na kulipa kabla ya meli kufika. Kama kuna kinachokosekana tujulishe haraka. Ahsante.

Naomba mnioneshe mahali ambapo mtu anaweza kusoma tofauti na nilivyokusudia. Lugha msiihangaikie sana.

Raskazone_Juu aliandika:

Bi Mhasibu, barua ni nzuri na ina adabu, ila ningekushauri mambo mawili. Kwanza, weka kila kitu ndani ya jedwali lenye safu nne au tano, kwa sababu jedwali halina utata. Pili, usitume chochote mpaka nyaraka halisi zote zikufikie mkononi, hasa hati ya shehena, kwa kuwa forodha hawagusi mzigo bila nyaraka halisi. Ukituma nusu nusu, wakala atakaa nazo tu.

Mwana_Pangani aliandika:

Mimi nina gari langu kutoka Japani, limeshafika Dar es Salaam, na wakala ananiambia cheti cha ukaguzi hakionekani. Je, na mimi niandike barua ya namna hii au niende mwenyewe?

Gati_la_Zamani aliandika:

Bi Mhasibu, nimefanya kazi ya kugomboa mizigo Tanga tangu enzi zile meli zilipotia nanga mbali na shehena ikaletwa gatini kwa matishari, kwa hiyo nitaisoma rasimu yako kama anavyoisoma mtu wa ofisini mwenye mafaili mengine mezani.

Nianze na saa, kwa kuwa ndipo penye hatari kubwa. Umeandika «mpaka Jumatano saa 10». Wewe umekusudia saa kumi jioni. Mpokeaji wako, ambaye kutwa nzima anatazama saa za mfumo wa forodha na za ratiba za meli, anaweza kusoma 10:00, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi. Akisoma hivyo atakuharakishia kazi, na hapo hupotezi kitu. Sasa geuza: ungeandika «saa 4» ukikusudia saa nne asubuhi, naye akaisoma 4:00 ya mchana kwa saa za kompyuta, rasimu ingekufikia saa kumi jioni, na siku ya malipo imekwisha. Andika saa kwa maneno pamoja na sehemu ya siku, kisha uongeze saa ya tarakimu za 24: saa kumi jioni, 16:00. Zikigongana, msomaji ataona mara moja kwamba kuna kosa na atauliza.

«Jumatano» pia haitoshi. Barua ikifunguliwa Jumanne usiku, Jumatano ni kesho. Ikifunguliwa Alhamisi baada ya kutumwa tena na mwenzake, Jumatano ni wiki ijayo. Na 07/09 iandike 7 Septemba 2026, ukitanguliza jina la siku, Jumatatu. Ratiba nyingine za meli huweka mwezi mbele ya siku, kwa hiyo kijana aliyezizoea anaweza kuifanya ikawa Julai 9. Neno «mpaka» nalo halisemi kama siku yenyewe imo au haimo. «Kabla ya saa kumi jioni ya siku ya Jumatano, 2 Septemba 2026» halina mlango wa pili.

Sasa sentensi ya nyaraka. «Nyaraka zote isipokuwa cheti cha TBS ambacho kinakuja pamoja na hati ya shehena.» Niliisoma mara ya kwanza nikaelewa kwamba hati ya shehena nayo haijafika. Niliporudia nikaona kwamba huenda umeiambatisha, na kinachokuja na cheti ni ile halisi. Aliyeko ofisini hatarudia kusoma. Halafu «zote» ni zipi? Wewe unajua ulizonazo, yeye anajua anazozihitaji, na orodha hizo mbili hazijawahi kukutanishwa popote katika barua hii.

Kuhusu aliyoyasema ndugu Raskazone, ni kweli kwamba hati halisi ya shehena inahitajika, lakini anayeihitaji ni wakala wa kampuni ya meli, ili atoe dilivari oda, yaani ruhusa ya kuuchukua mzigo. Maandalizi ya TANSAD, yaani lile tamko la forodha, huanza na nakala zinazosomeka vizuri, na hata meli ikiwa bado baharini kazi hiyo inaweza kuendelea. Ukisubiri hati halisi ndipo uanze yote, utakuwa umeunganisha foleni mbili zisizohusiana, na kontena litakaa bandarini likila tozo. Kwa hiyo hati ya shehena iwe na mistari miwili kwenye orodha yako: nakala, kwa ajili ya tamko, imeambatishwa, halisi, kwa ajili ya dilivari oda, inakuja kwa njia fulani siku fulani. Kama msafirishaji atairudisha kwa kampuni ya meli huko India na kuomba teleksi rilizi, hakuna karatasi itakayokuja kabisa, na hilo lazima uliseme waziwazi, la sivyo kijana atasubiri bahasha ambayo haipo.

Ndugu wa Pangani, suala lako ni la ukaguzi wa gari, nalo linataka uzi wake. Ila hata huko, namba ya chesisi usiipige kwa mkono. Inakili kutoka kwenye hati.

BintiNgamiani aliandika:

Mimi ndiye yule anayepokea barua pepe, si katika ofisi ya wakala wako bali katika nyingine, hivyo niongeze kidogo kutoka upande wa pili wa skrini.

Jedwali linapendeza kwenye kompyuta ya aliyelitengeneza. Mimi nikiwa bandarini ninalifungua kwenye simu, safu zinakatika, na neno «imeambatishwa» la mstari wa tatu linajikuta chini ya hati ya mstari wa nne. Halafu bosi hunakili maneno yale na kuyaweka Wasapu kwa kijana wa nje, na huko mistari ya jedwali inapotea kabisa, yanabaki maneno yaliyofuatana. Mteja mmoja alituletea orodha ya namna hiyo, mwenzangu akasoma kwamba cheti cha ukaguzi kimeshafika na ankara ndiyo inayosubiriwa, wakati hali ilikuwa kinyume chake. Mstari mmoja kwa hati moja, na hali yake ndani ya mstari huohuo, ndiyo namna inayovumilia kunakiliwa.

La pili ni mada ya barua. «Mzigo wetu» kwangu ni barua zisizopungua kumi kwa wiki. Nikitafuta faili, ninatafuta kwa namba ya hati ya shehena au ya kontena. Jina la meli silitumii sana, kwa sababu mizigo mingi ya Tanga hubadilishiwa meli njiani. Meli iliyoandikwa kwenye hati ya shehena inaweza kuwa ile iliyotoka India, na inayoingia hapa ikawa nyingine kabisa. Mteja akiandika jina moja tu, kijana huangalia ratiba, haoni meli hiyo, na anarudi kusema mzigo bado.

Raskazone_Juu aliandika:

Nimekubali kuhusu hati halisi. Ila mbona hakuna aliyetaja cheti cha uasili wa bidhaa? Bila hicho kodi inapanda, na Bi Mhasibu hakukiweka kabisa.

Gati_la_Zamani aliandika:

Kinapunguza ushuru pale ambapo kuna makubaliano ya upendeleo, kwa mfano bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki au SADC na ikatimiza masharti. Kwa vipuri vya India hakitakupa nafuu ya ushuru. Kama msafirishaji amekitoa, kiambatishe, maana hakidhuru; kama hakukitoa, usisimamishe kazi kwa ajili yake. Lakini swali lako lina faida moja, kwa sababu linaonesha kwamba orodha inapaswa kutaja pia kile kisichokuwepo na kisichotarajiwa. Hati isiyotajwa humwacha wakala akijiuliza kama umeisahau.

Cheti cha ukaguzi ndicho cha kuangalia kwa makini. Kinaitwa cha TBS midomoni mwa watu, lakini kwa mpango wa ukaguzi wa kabla ya kusafirisha, hutolewa na kampuni ya ukaguzi iliyoteuliwa na TBS huko mzigo unakotoka. Juu ya karatasi kuna jina la kampuni hiyo. Ukiandika «cheti cha TBS», mpokeaji mgeni anaweza kukipekua kwenye viambatisho asikione, hali kimo. Andika jina kama lilivyo kwenye karatasi, pamoja na namba yake.

Mhasibu_wa_Katani aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeandika upya kwa kufuata mliyoyasema. Cheti cha ukaguzi kimeshatolewa, ila nakala yake ninatarajia kuipata tarehe 28 Agosti. Msafirishaji amethibitisha kwamba atatumia teleksi rilizi.

> Mada: RASIMU YA TANSAD KABLA YA 2 SEPTEMBA 2026, 16:00 – Hati ya shehena MUN4471 – Kontena CSQU3054383 – Tanga
>
> Ndugu Wakala, salaam. Barua hii inahusu mzigo mmoja tu, wenye namba zilizoko kwenye mada.
>
> TUNACHOOMBA
> Tutumie rasimu ya TANSAD na makadirio ya kodi, kwa kujibu barua hii, kabla ya saa kumi jioni (16:00) ya siku ya Jumatano, 2 Septemba 2026.
> Usiwasilishe TANSAD kwenye mfumo kabla hujapokea kutoka kwangu barua pepe yenye neno IMEIDHINISHWA.
>
> MZIGO
> Bidhaa: vipuri vya mashine ya kuchakata mkonge, kama vilivyoorodheshwa kwenye ankara.
> Vifurushi: 14, ndani ya kontena moja la futi 20.
> Uzito wa bidhaa bila vifungashio: kilo 4860.
> Uzito wa bidhaa pamoja na vifungashio, bila kontena: kilo 5240.
> Thamani ya ankara: dola za Marekani 18640.
> Meli kutoka India: jina lake liko kwenye hati ya shehena. Meli ya kuingia Tanga: bado haijathibitishwa.
> Siku inayotarajiwa kufika Tanga: Jumatatu, 7 Septemba 2026. Hii ni tarehe ya makadirio.
>
> NYARAKA
> 1. Ankara ya kibiashara: IMEAMBATISHWA, faili `01_ankara_MUN4471.pdf`.
> 2. Orodha ya vifurushi: IMEAMBATISHWA, faili `02_vifurushi_MUN4471.pdf`.
> 3. Hati ya shehena, nakala: IMEAMBATISHWA, faili `03_shehena_MUN4471.pdf`.
> 4. Hati ya shehena, halisi: HAITAKUJA. Msafirishaji atatumia teleksi rilizi. Nitakutumia uthibitisho wake.
> 5. Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirisha: BADO. Nitakituma mimi kabla ya saa kumi jioni (16:00) ya Ijumaa, 28 Agosti 2026.
> 6. Barua ya kukuteua kuwa wakala wetu: IMEAMBATISHWA, faili `06_uteuzi_MUN4471.pdf`.
> 7. Cheti cha uasili wa bidhaa: HAKIPO na hakitarajiwi.
>
> NAOMBA UNIJIBU LEO
> a) Je, viambatisho vinne vimefunguka na vinasomeka?
> b) Je, kuna hati unayoihitaji ambayo haimo kwenye orodha hii?
> c) Ni nani, kwa jina, atakayeandaa rasimu?

Gati_la_Zamani aliandika:

Sasa hii ni barua ya kazi. Nina mawili.

Mstari wa «Usiwasilishe» nimeupenda kuliko yote, na ningeuweka hivyohivyo. Katika rasimu ya kwanza uliandika «tuandalie tamko ili tuidhinishe». Wakala mwenye bidii angelipeleka moja kwa moja, akidhani kwamba uidhinishaji wako ni wa kulipa. Tamko likishaingia, kulirekebisha ni lazima uombe kwa forodha na ueleze sababu, na hapo siku zinakwenda. Ukiipata rasimu, angalia msimbo wa HS wa kila aina ya bidhaa. Beringi zina kichwa chake cha 8482, na mikanda ya mpira ya mitambo iko 8482 ile? La hasha, iko 4010. Mtu aliyechoka huviweka vyote chini ya vipuri vya mashine kwa msimbo mmoja, kwa sababu maelezo yanasema «vipuri». Hivyo basi mstari wako wa «Bidhaa» uongeze aina tatu kwa majina: visu vya ngoma, beringi, mikanda.

La pili ni namba ya kontena. Tarakimu ya mwisho, hiyo 3, hupatikana kwa hesabu kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia. Mtu akiibadilisha 305438 ikawa 305348, hesabu inatoa 0, si 3, na kikokotoo chochote cha namba za kontena kitaikataa. Namba ya hati ya shehena kwa kawaida haina kinga ya namna hiyo. Kwa hiyo ya kontena unaweza kuihakiki mwenyewe kabla ya kutuma, lakini ya hati ya shehena huna njia ila kuinakili na kuilinganisha kwa macho, herufi kwa herufi.

BintiNgamiani aliandika:

Nimefurahi kwamba umeondoa mkato kwenye uzito, na kwenye thamani hukuuweka. Kuna wakati tulipata ankara ya rupia iliyoandikwa 12,45,000, kwa namna ya Kihindi, yaani laki 12 na elfu 45, na mwenzetu aliyezoea mikato ya tarakimu tatutatu akadhani kuna sifuri iliyodondoka. Alikuwa karibu kuingiza milioni kumi na mbili na nusu.

Jambo moja sikubaliani nalo. Nyaraka ningezitaka zote katika faili moja lenye kurasa zilizopangwa, kwa sababu faili nyingi zikisambazwa, moja hubaki nyuma. Na tafadhali ziwe zimeskaniwa, zisiwe picha za simu zilizopigwa juu ya meza na kona moja ya ankara imekatika, mara nyingi ile yenye namba.

Gati_la_Zamani aliandika:

Mimi ningeziacha mbalimbali. Kwenye mfumo kila hati hupandishwa peke yake, na ukimpa anayeandaa tamko faili moja, atalazimika kulikata. Tena cheti cha ukaguzi kikija tarehe 28, faili moja litakuwa na toleo la pili, na hapo kutakuwa na mawili yanayofanana majina.

BintiNgamiani aliandika:

Kwenu mnaye mtu wa kuyapanga, Mzee wangu. Kwetu mimi ndiye ninayepokea na ndiye ninayekwenda gatini. Bado nataka moja.

Raskazone_Juu aliandika:

Swali la mwisho kutoka kwangu: meli ikichelewa, tuseme badala ya tarehe 7 ikawa 11, je, ile tarehe 2 nayo inasogea? Mimi ningekuwa wakala ningedhani inasogea.

Gati_la_Zamani aliandika:

Hapo umeuliza vizuri, ndugu yangu. Barua haisemi, na wengi watadhani kama wewe. Bi Mhasibu aongeze sentensi moja chini ya ombi la kwanza: «Tarehe hii haibadiliki hata meli ikichelewa, isipokuwa nitakapokuandikia tarehe mpya.» Na tarehe ya meli ikibadilika kweli, ajibu ndani ya barua hiihii, aandike ya zamani na mpya pamoja: ilikuwa Jumatatu, 7 Septemba 2026, sasa ni Ijumaa, 11 Septemba 2026. Akiandika mpya peke yake, kuna atakayefungua barua ya kwanza na kuifuata.

Siku za bure nazo asiziandike kwa kukisia. Bandari ina hesabu yake ya tozo ya hifadhi na kampuni ya meli ina hesabu yake ya kontena, na si lazima zianze siku moja wala zilingane. Amwombe wakala azitaje zote mbili, kila moja na tarehe yake ya mwisho, atakapopokea notisi ya kuwasili kwa mzigo.

Mhasibu_wa_Katani aliandika:

Nimeiongeza sentensi hiyo, nimetaja aina tatu za vipuri, na nimeongeza swali la nne: «d) Ukipata notisi ya kuwasili, tutajie tarehe ya mwisho ya siku za bure za bandari, na kando yake ile ya kampuni ya meli.» Kisha nikaona halifai kuwa chini ya «naomba unijibu leo», maana notisi haijatoka, nikalihamishia chini ya «tunachoomba». Faili nitazituma mbalimbali, na nitamuuliza wakala kama anapendelea moja. Barua itaondoka kesho asubuhi, saa tatu.

Mwana_Pangani aliandika:

Saa tatu hiyo ni 09:00, sivyo? Na ule uzi wa magari niufungue wapi?